Vikundi vya wasiosoma, darasa la nne

"Wanafunzi 18 hawasomi. Niwagawe kwa umri au alama za mtihani?"

Hapana kwa vyote, mwalimu. Msikilize mmoja mmoja akisoma kwa sauti: silabi, maneno, aya, hadithi, kama linavyopima shirika la Uwezo. Anapokwama ndipo kikundi chake. Mtihani wa maandishi huficha. Wapo wanaonakili ubaoni vizuri sana, ukiwaonyesha "mba" au "nywe" wanakutazama tu. Kikundi cha silabi kisome chati pamoja, kisha kila mtoto aunde maneno kwa kadi na kumsomea mwenzake. Anayevuka ahamishwe, asingoje muhula uishe.

— Mimi huchanganya wazuri na dhaifu, wanasaidiana.

Kwenye hadithi sawa. Kwenye silabi anayejua hutaja jibu kabla mwenzake hajaitazama kadi.