Herufi moja kwenye "anaandika"

Swali la wiki: "Je, ungependa kuambiwa mapema kwamba unayezungumza naye ni mashine, au ukishahudumiwa vizuri hayo mengine hayakuhusu?"

Nitajibu kutoka upande wa pili wa skrini, kwa sababu nilikaa huko miaka minne. Nilikuwa kitengo cha huduma kwa wateja katika kampuni ya kusafirisha vifurushi, mmoja wa wale mnaowaandikia mkiuliza mzigo umefika wapi. Na kabla sijaenda mbali, wahariri, nyinyi wenyewe mmeteleza. Mmeandika "naye". Mtu ni naye, mashine ni nayo. Mkishaandika naye mmeshaipa mashine utu, na sisi tunajibu swali ambalo limeshaegemea upande. Siwalaumu. Kosa hilohilo tulilifanya sisi, ila letu lilikuwa la makusudi.

Roboti yetu ya kujibu ujumbe iliitwa Rehema. Ilikuwa na picha ya dada anayetabasamu, amevaa vipokea sauti, picha ya kununuliwa tu. Kazi yake haikuwa ya ajabu. Ujumbe wako ukiingia, programu ililinganisha maneno yako na orodha ya makusudio tuliyoiandalia: mzigo umechelewa, nataka kubadili anwani, nimetozwa mara mbili, na kadhalika. Kila kusudio lilipata alama kati ya 0 na 1. La juu likivuka 0.6, jibu lililoandikwa zamani lilitoka. Lisipovuka, ilisema haijaelewa, na ikishindwa mara mbili mfululizo, mazungumzo yalihamishiwa kwetu.

Yote hayo yalichukua chini ya sekunde moja. Lakini jibu halikutoka hapohapo. Tulilishikilia sekunde tatu hadi sita, na wakati huo mteja aliona vitone vitatu vinarukaruka na chini yake maneno "Rehema anaandika…". Hakukuwa na mtu aliyekuwa anaandika. Ucheleweshaji ule ulikuwepo ili mteja ahisi kuna vidole.

Kiswahili ni kizuri kwa mtu anayetaka kudanganya kistaarabu, maana nafsi ya kwanza haina ngeli. "Ninakuangalizia" anaweza kuisema mtu, na inaweza kuisema mashine, hakuna kinachojitokeza. Aliyeandika majibu ya Rehema aliweza kumaliza mazungumzo mazima bila kusema uongo hata mmoja unaoweza kushikika. Uongo wetu ulikaa kwenye ile a ya "anaandika". Tungeandika "inaandika", kila mtu angejua.

Sasa nimkumbuke mama mmoja. Najua nitamwongelea kupita kiasi, mnivumilie.

Mume wake alikuwa na kifaa cha kusikia kilichopelekwa kutengenezwa, na kilikuwa kinarudi kupitia kwetu. Aliandika: "Mwanangu Rehema, mzee hasikii wiki ya tatu hii. Nikimwita mpaka nimguse bega." Roboti ikaona kusudio la kuchelewa, ikajibu pole kwa usumbufu, tuma namba ya mzigo. Akatuma. Ikajibu mzigo upo njiani. Akasema hiyo njiani ameisikia tangu Jumatatu. Kisha akauliza, nanukuu kwa sababu nimeisoma mara nyingi: "Mwanangu, wewe ni mtu au ni kompyuta? Usiogope kuniambia."

Swali hilo lilikuwa kwenye orodha yetu. Watu huliuliza sana, kwa maumbo mengi: nazungumza na nani, kuna mtu hapo, ni wewe kweli. Jibu lililoandaliwa lilikuwa: "Mimi ni Rehema, nipo hapa kukusaidia!" Na alama ya mshangao juu.

Mama akaamini. "Haya, ahsante mwanangu. Basi tuongee kama mtu na mtu." Akafunguka. Akasema mzee ameanza kudhani watu wa nyumbani wanamsengenya kwa sababu anaona midomo inacheza na hasikii kitu. Kwamba yeye akipaza sauti, mzee anaona uso tu, na uso wa mtu anayepaza sauti unafanana na uso wa mtu mwenye hasira, kwa hiyo wanagombana bila ugomvi. Aya tatu ndefu. Roboti ikatafuta kusudio, haikupata. Ikatafuta tena. Mazungumzo yakaja kwangu.

Mfumo wetu ulinionyesha jumbe tano tu za mwisho, na tatu kati ya hizo zilikuwa za roboti. Jina langu kwa mteja lilibaki Rehema. Ndiyo ilikuwa kanuni, mteja asione pale roboti ilipompisha mtu. Nikaandika: "Shikamoo mama. Naomba nikuangalizie upya. Kifaa chenyewe ni cha nani?"

"Rehema! Si nimekuambia sasa hivi?"

Nikasema mtandao ulikatika. Haukukatika. Akanyamaza karibu dakika mbili, halafu: "Wewe si yule. Yule aliniambia ni mtu. Au wewe ndiyo kompyuta?"

Nikamwambia hapana mama, mimi ni mtu kabisa.

"Ndivyo alivyosema na yule."

Hebu niambieni ningejibu nini. Kila neno ambalo mtu angelitumia kujithibitisha lilikuwa limeshatumiwa na roboti. Nilipiga simu ghalani, nikaupata mzigo kwenye rafu ya mizigo ambayo lebo zake hazisomeki, maana ulikuwa umelowa. Ukasafirishwa siku ileile. Nilimpa mama habari njema na ya kweli, na hakuiamini. Akataka msimamizi amwandikie kwa jina lake halisi. Kazi niliifanya vizuri, lakini machoni pake haikuwa na thamani.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo ambayo nilikuwa nayapita. Wateja walitupima. Mwenzangu mmoja aliulizwa saba mara nane ni ngapi, akajibu upesi na kwa usahihi, akaambiwa "kompyuta!" Tulianza kuweka makosa madogo ya tahajia kwa makusudi ili tuonekane watu. Ndiyo maana nasema swali lenu linamwangalia mteja peke yake. Mashine ikivaa jina la mtu, na mtu halisi anayekuja nyuma yake anakosa kuaminiwa.

Nilipopeleka pendekezo kwamba roboti ijitaje mstari wa kwanza, meneja hakunifukuza. Alinionyesha utafiti wa mwaka 2019 uliochapishwa katika jarida la Marketing Science. Wateja zaidi ya 6,200 walipigiwa simu za mauzo. Roboti iliyojificha iliuza sawasawa na wauzaji wazoefu. Iliyojitaja kabla ya mazungumzo, mauzo yaliporomoka kwa zaidi ya asilimia 79.7. Nilikaa kimya. Sikuwa na jibu, na mpaka leo nadhani anayesema ukweli hauna gharama hajawahi kuuza kitu.

Jibu lilinijia baadaye, nikiwa nyumbani, kama kawaida. Simu ile ni ya kuuza: mtu hajaomba kupigiwa, anatafuta sababu ya kukata, na "mimi ni mashine" ni sababu nzuri. Mama yetu alikuja mwenyewe, ana shida, na atarudi tena kesho shida isipoisha. Kinachohesabiwa kwake ni kama kesho ataamini neno letu. Tena kilichomfanya asituamini si kuikuta mashine. Ni kwamba aliuliza akajibiwa vingine.

Meneja akakubali tujaribu. Mstari wa kwanza ukawa: "Hii ni mashine ya kujibu. Inaweza kutafuta mzigo kwa namba na kubadili anwani. Ukitaka mtu, andika MTU." Vitone vikaondolewa. Picha ya dada ikawa alama ya sanduku. Mazungumzo yote yakahamishwa pamoja na mteja, si jumbe tano, na sisi tukaingia kwa majina yetu: "Mashine imenipa mazungumzo yako, nimeyasoma."

Kilichobadilika kwanza ni namna watu walivyoandika. Wengi walituma namba ya mzigo tu, bila salamu, na roboti ikaelewa vizuri kuliko zamani kwa sababu haikuwa inachambua tena hadithi. Wenye hadithi waliandika MTU mara moja, na hapo foleni yetu ikawa ndefu, sitaficha. Kuna mchana watu walisubiri kuliko walivyowahi kusubiri. Lakini sikuulizwa tena saba mara nane.

Ningeishia hapo na msimamo wangu ungekuwa safi. Lakini kuna kitu kinanisumbua. Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alichapisha habari za programu yake ya mazungumzo, Eliza, mwaka 1966. Ilikuwa inakurudishia maneno yako kama swali, basi. Katibu muhtasi wake alimwona akiitengeneza kwa miezi, alijua fika ni programu, na bado baada ya kuandikiana nayo kidogo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Kwa hiyo kujua hakuzuii kufunguka. Mstari wetu wa kwanza ulipanda juu na kupotea ikifika ujumbe wa kumi, na wapo walioendelea kuiambia "ahsante dada". Kuambiwa mapema, mlivyouliza, si kinga kubwa kama nilivyodhani nilipoanza barua hii.

Sheria nazo zimegawanyika. Ile ya Kalifonia, iliyoanza kutumika Julai 2019, inakataza roboti kujificha kwa nia ya kudanganya ili kuuza kitu au kugeuza kura. Mama wa kifaa cha kusikia hakuwa ananunua wala kupiga kura, kwa hiyo sidhani kama ingetugusa. Ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 ni pana zaidi: mtu ajulishwe, isipokuwa pale ambapo mtu mwangalifu angeona wazi kuwa ni mashine. Hiyo "isipokuwa" inanipa wasiwasi, maana sisi tungedai ilikuwa wazi.

Basi mkinibana, nitasema hivi. Kama natafuta mzigo kwa namba, usiponiambia sitakununia. Ambapo sitaki kulegea hata kidogo ni pale mtu anapouliza, na pale mazungumzo yanapotoka kwa mashine kwenda kwa mtu. Ingawa, nikifikiri tena, mama aliuliza kwa sababu alishaanza kushuku. Asiyeshuku hataulizia. Kwa huyo, ule mstari wa kwanza ndiyo nafasi pekee aliyonayo, na hapo najikuta nimerudi nilipoanza.

Wiki iliyopita niliandikia kampuni nyingine kuhusu bili yangu. Likatokea jina la kijana, picha, na "anaandika…". Nikaanza kuandika "samahani kaka, wewe ni". Nikafuta. Nikatuma namba ya bili.