Kuhamishwa barabarani: anzeni na daftari lenu kabla ya kikao

*Swali la mdau:* "Wakuu, nauza mitumba kando ya barabara hapa Tabora mjini. Tumeambiwa tupishe barabara ndani ya siku 14, twende eneo jipya nje kidogo ya mji. Tumechagua kamati ya watu saba, wiki ijayo tunakaa na maafisa. Wenzangu wengine wanataka tugome. Aliyewahi kupitia hili atuambie tuanzie wapi."

Mkuu, mimi nauza dagaa, mkoa wa Kigoma. Mji nauacha bila jina, maana baadhi ya nitakaowasema bado tunasalimiana. Tulihamishwa kutoka barabara kuu, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa umoja wetu.

La kugoma nilimalize haraka. Mkiwa mmekaa kwenye hifadhi ya barabara hamna haki ya mahali pale, hata kama umekaa miaka kumi. Kwetu kuna waliokuja kikaoni wameshika vile vitambulisho vya wajasiriamali vya elfu ishirini vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018, wakidhani vinawapa eneo. Havikupi eneo. Afisa alivitazama, akavirudisha kwa heshima, tukawa tumepoteza nusu saa na uso. Mnachoweza kupigania ni namna ya kuhama, na hapo pana mengi ya kupigania.

Kitu cha kwanza ni hesabu. Kabla hamjataja choo, maji wala ushuru, jueni ninyi ni wangapi, na mjue kwa ushahidi. Maafisa watakuja na namba yao, na wakijenga kwa namba hiyo hakuna wa kuongeza kizimba baadaye.

Kwetu walihesabu Jumanne, saa nne asubuhi, wakapata watu 164. Kwa karatasi hiyo eneo jipya likapangiwa vizimba 180, wakaona wametupa na ziada. Sisi tulipohesabu tulipata 271. Hatukuwa tumeongeza hata jina moja la uongo, tofauti ilitokana na saa. Mahali anapokaa mama wa mboga asubuhi, saa tisa anaondoka, na hapo hapo anakuja kijana wa chipsi mpaka saa nne usiku. Kwa anayepita asubuhi hiyo ni meza moja. Kwetu walikuwa 58 wa namna hiyo, wanaopokezana mahali. Wengine 49 walikuwa wanakuja jioni tu, mahali ambapo asubuhi hapana kitu, wengi wao wa samaki wabichi na migebuka ya kukaanga. Jumlisha 164, 58 na 49 utaona.

Tulihesabu mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, siku ya kawaida na siku ya gulio. Kila mtu aliandikwa jina, simu, namba ya kitambulisho, bidhaa, saa za kazi na upana wa eneo lake kwa hatua. Akaweka sahihi au dole gumba. Akapigwa picha akiwa kwenye meza yake, siyo picha ya pasipoti. Tulitembea na mwenyekiti wa mtaa na tukamwomba mtu wa idara ya biashara aje naye. Alikuja siku moja kati ya mbili, lakini aliweka sahihi kila ukurasa aliouona. Kurasa hizo ndizo zilizotuokoa, maana kikaoni walipoanza kusema tumepika majina, tuliwaonyesha sahihi ya mtu wao.

Sasa tahadhari. Habari ya daftari ikishatoka, barabara itajaa. Kwetu ndani ya siku mbili waliibuka watu ambao hatujawahi kuwaona, mtu ametandika gunia, juu yake nyanya nne. Wengine walikuwa ndugu wa viongozi wetu. Mweka hazina wetu alikuwa amemwandikisha mkewe, shemeji yake na kijana wa kazi. Dawa tuliyopata ni majirani. Tulimwuliza wa kulia na wa kushoto, kila mmoja peke yake: huyu anaitwa nani, anauza nini, alianza lini? Wote wawili wakishindwa, jina linatoka. Mweka hazina alipoteza majina mawili kati ya matatu hivyo hivyo, mbele ya watu. Hakusema nami kwa mwaka mzima, na sikufa.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa vijana wanaopanga nguo nje ya duka la mtu. Mali ni ya mwenye duka, jasho ni la kijana. Nani aandikwe? Sisi tuliandika kijana, kwa hoja kwamba mwenye duka hahami. Walikuja juu kweli kweli wenye maduka. Kwa kuwa wewe ni wa mitumba utakutana nalo, basi kamati yenu iamue kabla ya kwenda kwa maafisa, msije mkaanza kubishana ninyi kwa ninyi mbele yao.

Jambo la pili ni wateja. Eneo jipya letu lilikuwa karibu kilomita mbili na nusu kutoka barabarani. Vizimba vizuri, mabati mapya, choo kipo. Mtu mmoja wa kamati alishinda pale siku nzima kabla hatujahamia akihesabu wapita njia. Hawakufika mia. Barabarani idadi hiyo nilikuwa naiona kabla sijamaliza kupanga meza.

Tulipolia kwamba hakuna wateja, jibu lilikuwa lile lile, wateja watawafuata. Hoja hiyo haikuvunjwa na kilio, ilivunjwa na dagaa. Nilisimama nikasema: kopo langu la dagaa ni shilingi elfu mbili. Bajaji kutoka mjini kuja huku ni elfu moja, kurudi elfu moja. Nani atatoa elfu mbili kufuata dagaa wa elfu mbili? Halafu tukawageuzia mahesabu yao wenyewe. Mmepanga ushuru wa shilingi 500 kwa kizimba kwa siku. Vizimba 180 ni 90,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi ni 2,340,000. Nusu wakifunga, mnakusanya 1,170,000 tu, na mlinzi na mzoa taka mnawalipa vile vile. Hapo ndipo mkuu wa msafara alipochukua kalamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tukaomba kituo cha daladala na bajaji kihamie mlangoni mwa soko. Hapa tulikosea, tukapoteza wiki tatu, kwa sababu tulimng'ang'ania afisa biashara, ambaye hana mamlaka hayo hata akitaka. Daladala zinaruhusiwa njia zake na LATRA. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA. Bajeti na sheria ndogo, ushuru ukiwamo, vinapita kwenye baraza la madiwani. Kwa hiyo kila ombi lenu liandikeni mbele yake nani hasa anaweza kulitoa, na mwombe wahusika hao waitwe kikao cha pili. Diwani wenu aalikwe tangu kikao cha kwanza, asipoalikwa atanuna, na siku ya baraza atakaa kimya.

Kikao kikiisha msiondoke bila muhtasari wenye sahihi za pande zote mbili. "Tumelipokea, tutaliangalia" si ahadi. Nina daftari lililojaa "tutaliangalia".

Tulichokubaliana mwisho kilikuwa hiki: vizimba 180 vibaki kama vilivyopangwa, na kwa wale 91 waliobaki, uwanja wa wazi mbele ya soko uliopigwa mistari ya chokaa, mita mbili kwa mbili, wa kuuzia jioni. Bila daftari hao 91 wasingekuwepo kabisa kwenye mazungumzo. Wangerudi barabarani wiki ya kwanza, na mgambo wangekuwa nyuma yao.

Kura ya kugawa vizimba tulifanya hadharani, majina kwenye ndoo, mtoto wa shule anachomoa. Ilikuwa ya haki na ilikuwa ya kijinga, kwa sababu tulichanganya bidhaa zote kwenye ndoo moja. Muuza mitumba akaangukia kati yangu na mwenzangu wa dagaa. Mashati yake yalinuka dagaa mpaka wateja wakawa wanayanusa kwanza ndipo waulize bei. Mwezi wa pili tukarudia kura kwa ndoo tofauti, samaki na dagaa upande wenye maji na mfereji, mawese karibu nao, nguo mbali kabisa. Mama lishe tuliwatawanya kila pembe kwa makusudi, kwani mtu akifuata wali na maharage anapita mbele ya meza ishirini.

Wekeni pia sharti kwamba kizimba kisichofunguliwa siku 14 bila taarifa kinarudi kwenye kamati. Sisi hatukuweka mapema, na kabla ya miezi mitatu vingine vilikuwa vinapangishwa kwa elfu thelathini kwa mwezi na watu waliokaa nyumbani.

Mkihama, hameni wote siku moja, na barabara ya jirani pia. Hili lilituumiza kuliko yote. Sisi tulihama Jumatatu, wenzetu wa barabara ya pili wakaachwa wiki tatu zaidi. Wateja wangu hawakupotea, walivuka tu barabara. Nilikuwa nauza kama 80,000 kwa siku, mwezi wa kwanza nikashuka hadi 25,000. Kituo cha bajaji kilipohamia mwezi wa nne nikapanda hadi 60,000, na pale nimekaa mpaka leo. Taa za uwanja wa jioni zilichelewa, na kila usiku wa giza watu wanne watano walirudi barabarani. Ukiwaona wa samaki wanaanza kurudi, jua eneo jipya limeanza kufa, kwa sababu samaki mbichi haisubiri mteja.

Halafu tarehe. Mvua zetu na zenu ni zile zile, Novemba mpaka Aprili. Nendeni mkaulize majirani wa eneo hilo maji yanasimama wapi, msiulize mkandarasi. Kama ni bondeni panapotuama maji, mkihama Desemba mtauza mitumba kwenye matope. Siku 14 haziwatoshi, ila mkiomba tu muda mrefu watasema mnachelewesha. Ombeni tarehe kamili ya kiangazi, na mkabidhi daftari siku hiyo hiyo kama sehemu yenu ya makubaliano.

Nakala tatu za daftari: moja kwao, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja ibaki kwa mtu asiye kiongozi. Anzeni kesho saa kumi na mbili asubuhi, wa mboga wakiwa bado wanafungua magunia, na msifunge ukurasa mpaka wa chipsi wamezima moto.