Hitimisho la ripoti ya benchi la pampu: alama zilizotawanyika zinasema nini

Wanaoanza kazi kwenye benchi la majaribio ya pampu za sentrifugali mara nyingi huandika katika hitimisho kwamba "alama zilitawanyika kwa sababu ya makosa ya vipimo", kisha hufunga ripoti. Sentensi hiyo haimsaidii msomaji, kwa kuwa anayetaka kununua pampu au kubadilisha impela anahitaji kujua ni kipimo kipi kilichokosea, kwa kiasi gani, na kwenye sehemu gani ya mstari wa ufanisi.

Ufanisi haupimwi moja kwa moja, bali hukokotolewa kwa η = ρgQH/P, yaani kutokana na mtiririko, kimo cha maji na nguvu inayoingia kwenye shafti. Kwa hiyo shaka ya kila kifaa huingia humo. Tuchukue pampu inayofikia ufanisi wake wa juu, asilimia 70, ikitoa mita za ujazo 50 kwa saa kwa kimo cha mita 20, huku shafti ikizunguka mara 2900 kwa dakika na kupokea takribani kilowati 3.9. Mita ya mtiririko ina upeo wa mita za ujazo 100 kwa saa na mpaka wa kosa wa asilimia 0.5 ya upeo huo, yaani nusu mita ya ujazo, popote usomapo. Hapo kwenye 50, nusu hiyo ni asilimia 1. Ukiongeza geji ya shinikizo yenye shaka ya asilimia 1.25 na kipima msokoto chenye asilimia 0.8, kisha ukajumlisha miraba yake na kutafuta kipeo cha pili, unapata takribani asilimia 1.8. Asilimia 1.8 ya 70 ni pointi 1.3 hivi, na ripoti isipotenganisha asilimia na pointi humpotosha msomaji.

Sasa ifunge valvu hadi mita za ujazo 10 kwa saa, ambapo kimo ni mita 25 na ufanisi umeshuka hadi asilimia 28. Nusu mita ileile ya ujazo sasa ni asilimia 5 ya usomaji, nayo, pamoja na shaka za vifaa vingine viwili, inaufanya ufanisi uwe na shaka ya pointi 1.5 hivi. Mtu angetarajia alama za upande huu zitawanyike kuliko zote, lakini ukichora grafu huenda zikakaa kwenye mstari kwa utulivu wa kushangaza, na hapo ndipo wengi huandika kwamba vipimo vya mtiririko mdogo vilikuwa bora zaidi.

Hali halisi ni tofauti. Mita ikisoma mtiririko zaidi ya ule uliopo, alama inasogea kulia na wakati huohuo inapanda, kwa kuwa Q imo kwenye mhimili wa chini na pia ndani ya η. Inateleza kwenye mstari nyoofu unaotoka kwenye asili ya grafu, na karibu na asili mstari wa ufanisi wenyewe unafuata takribani njia hiyohiyo. Kosa la nusu mita ya ujazo linaipandisha alama pointi 1.4, lakini mstari nao umepanda karibu pointi 1.2 katika umbali huo, hivyo jicho linaona pengo la pointi 0.2 tu. Kwenye kilele, ambako mstari umelala, kosa lilelile linaonekana lote, yaani pointi 0.7. Ndiyo maana napendelea jedwali la shaka ya kila alama liambatane na grafu.

Mtawanyiko unaoonekana wazi kwenye mtiririko mdogo, kwa hiyo, uanze kuutafutia chanzo kwenye msokoto au shinikizo. Soma sifuri ya kipima msokoto kabla ya jaribio na baada yake, kwani kifaa kikipata joto sifuri yake inaweza kuhama. Kisha pima ukifungua valvu na tena ukiifunga. Ikiwa alama za safari ya pili zote zimekaa upande mmoja wa zile za kwanza, huo si mtawanyiko wa bahati nasibu, na kuongeza idadi ya usomaji hakutauondoa.

Suala la kulinganisha impela mbili lina hesabu yake. Tuseme ya kwanza ilitoa asilimia 70.0 na ya pili 70.8, zote zikiwa na shaka ya pointi 1.3. Usikimbilie kuandika kwamba hazitofautiani, kwa sababu kosa la kudumu la mita ileile limeziathiri zote mbili karibu sawa na kwa sehemu kubwa linafutika katika tofauti. Kinachobaki ni mtawanyiko wa marudio. Kama marudio yalitofautiana kwa pointi 0.2, andika kwamba impela ya pili ilikuwa bora kwenye benchi hili, kwa vifaa hivi, bila sifuri kuhama katikati, lakini asilimia 70.8 yenyewe uiache na shaka yake yote ya pointi 1.3.