Mpira wa mkojo: maswali yenu na majibu

Nesi shikamoo. Nipo chuo hapa Mtwara, naingia wadi ya wanaume kwa praktiko. Hatua za kuweka mpira wa mkojo nimezikariri zote ila mwalimu akiuliza "kwanini" nakwama. Nisaidie.

Marahaba mwanangu. Tumchukue mgonjwa mmoja tumfuate mwanzo mpaka mwisho. Mzee wa miaka sabini na kitu katoka Tandahimba, tezi dume anayo siku nyingi, msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho mafua yamembana akameza piritoni usiku, asubuhi mkojo umegoma kabisa. Piritoni inapunguza nguvu ya kibofu kujikamua, na kama tezi ilishabana njia basi hapo inafunga kazi. Tumbo chini ya kitovu limejaa, ukigonga kwa vidole linalia dufu, na mzee anahangaika hajui akae au asimame.

Kwanza unaongea nae. Umwambie unaenda kufanya nini, umuulize kama aliwahi kuumia huko chini au kupasuliwa, na kama mpira wa latex huwa unamuwasha. Akikaza mwili kwa uoga na msuli wa mlango wa kibofu unakaza, sasa wewe utasukuma ukidhani ni tezi kumbe ni woga tu.

Chagua namba 14 au 16. Wanafunzi wengi wanakimbilia mwembamba wakidhani utapita kirahisi, lakini kwa mzee wa tezi ule mwembamba unajikunja ukifika kwenye tezi. Mnene sana nao unachubua njia, na palipochubuka ndo bakteria wanapopapenda.

Osha mikono kwa sabuni, msafishe mgonjwa kwanza kwa sabuni na maji, kisha uoshe tena mikono, vaa glovu za upasuaji, tandika kitambaa chenye tundu. Sababu ni kwamba kibofu hakina kinga ya kutosha dhidi ya kitu unachokisukumiza ndani mwenyewe. Mkojo huwa unasukuma uchafu kutoka ndani kuja nje, wewe sasa unaenda kinyume na mkondo na chochote kilichopo kwenye ncha ya mpira unakifikisha wewe.

Hapo ndo inakuja habari ya mikono miwili. Mkono wa kushoto ukishamshika uume, huo umeshakuwa mchafu, haurudi tena kwenye trei mpaka mwisho. Wa kulia ndo unashika mpira. Futa kuanzia tundu la mkojo kwenda nje, kila pamba mara moja na kutupa, usirudi nyuma. Kama hajatahiriwa vuta govi kwanza (huku kwetu wengi wamepita jandoni kwahiyo hutakutana nalo sana) na ukimaliza kazi LIRUDISHE, maana likibaki nyuma linabana kichwa cha uume kinavimba na inageuka dharura nyingine.

Jeli ya ganzi ya lignokeini weka kama mililita 10 ndani ya njia, halafu subiri dakika 3 mpaka 5. Hapa ndo watu wanadanganya, wanaweka jeli na kuingiza hapohapo. Ganzi haijashika hivyo unachopata ni utelezi tu na mzee anaruka kitandani.

Nyanyua uume uelekee juu, uunyooshe kidogo, kwasababu njia ya mwanaume ina kona na ukinyoosha unapunguza ile kona ya kwanza. Ingiza taratibu. Ukigota kwenye tezi usisukume kwa nguvu, mwambie avute pumzi ndefu kisha ajaribu kama anakojoa, mlango unalegea, nawe unakaza kidogo tu bila kuachia. Ikikataa acha, mwite daktari. Anayelazimisha anatoboa njia ya uongo pembeni, na kuanzia hapo kila mpira utakaoingizwa utakimbilia kwenye lile tundu.

Dada nesi, mimi ni nesi mpya zahanati ya huku Nachingwea. Nilimwekea babu mpira, mkojo ukaanza kutoka, nikajaza lile puto la kuushikilia mpira ndani, babu akapiga ukelele na damu ikaja. Nilikosea wapi wakati mkojo ulikuwa unatoka?

Puto lilifumukia kwenye njia au ndani ya tezi, halikuwa kwenye kibofu. Matundu ya mpira yapo kwenye ncha kabisa, puto lipo nyuma yake. Kwahiyo ncha ikichungulia tu kibofuni mkojo unaanza kutoka wakati puto bado lipo njiani. Kwa mwanaume ukiona mkojo usisimame hapo, endelea kusukuma taratibu mpaka ule mchepuko wa matawi mawili mwishoni mwa mpira uguse ncha ya uume, ndipo ujaze. Mwanamke njia yake ni fupi, kama sentimita 4 hivi, mkojo ukitoka ongeza sentimita chache inatosha.

Jaza polepole ukimwangalia mgonjwa USONI. Akikunja uso, au bomba la sindano likawa gumu kusukuma, nyonya maji yote, sogeza mpira ndani zaidi, ujaribu tena. Tumia maji safi ya sindano mililita 10, au kiasi kilichoandikwa kwenye mpira wenyewe. Usitumie maji ya chumvi, chumvi inaweza kuganda kwenye kijia cha puto na siku ya kutoa litagoma kunywea. Na ukijaza pungufu puto linakaa upande, ncha inachokonoa ukuta wa kibofu.

Kama hakuna mkojo hata umefika mwisho, usijaze. Mara nyingi ni jeli imeziba matundu, subiri kidogo, bonyeza taratibu juu ya kibofu. Kwa mama, ukigundua umeingia ukeni usiuchomoe kwanza, uache uwe alama ya tundu ambalo sio, chukua mpira MPYA ndo uingize tundu la juu yake. Ule wa kwanza hauingii tena kibofuni hata ukiusafisha.

Kwa babu wako sasa: kama damu inaendelea au mkojo hautoki, usijaribu tena mwenyewe, mpe rufaa. Ukiandika rufaa andika kabisa kwamba puto lilijazwa njiani, watakaompokea wanahitaji kujua hilo.

Baba karudi Newala na mpira akisubiri kupasuliwa tezi. Mkojo una mawingu na harufu. Duka la dawa wameniambia nimpe sipro kila siku mpaka mpira utoke. Ni sawa?

Hapana, usimpe. Mpira ukikaa ndani, kila siku inayopita wagonjwa kama 3 mpaka 7 kati ya 100 wanapata bakteria kwenye mkojo, na ukifika mwezi karibu wote wanao. Kuwa nao sio kuumwa. Bakteria wanajijengea utando juu ya mpira na dawa haiupenyi vizuri, kwahiyo sipro ya kila siku inaua wale wanyonge na kuacha sugu, alafu siku baba akiugua kweli unakuta dawa haimshiki.

Mawingu na harufu peke yake, mwongezee maji ya kunywa (kama daktari hakumpunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo) na uangalie mpira haujakunjwa. Kinachotakiwa kukutoa mbio ni homa, kutetemeka baridi, maumivu ya ubavu au chini ya kitovu, damu, au mzee ameanza kuongea vitu havieleweki. Hapo nenda hospitali, na kipimo cha mkojo wasichukue kwenye mfuko, mkojo wa mfukoni umelala na bakteria wamezaliana humo. Unachukuliwa kwenye sehemu maalum ya mrija baada ya kufutwa na spiriti, na kama mpira umeshakaa zaidi ya wiki 2 inafaa ubadilishwe kwanza ndo kipimo kichukuliwe kwenye mpya.

Nyumbani kazi yako ni ndogo. Osha mikono kabla na baada ya kushika. Kila siku akioga, sabuni ya kawaida na maji pale mpira unapoingilia, ukifuta kutoka mwilini kwenda chini, detoli usiweke inachoma ngozi bure. Mwaga mkojo mfuko ukifika theluthi mbili, kwenye chombo chake peke yake, na koki isiguse chombo. Mrija usiuchomoe kwenye mfuko ovyo ovyo, maana maungio ndo mlango wenyewe wa wadudu kupanda kwa ndani. Na ufungwe kwenye paja, mpira unaocheza cheza unachubua na kuingiza uchafu kila unapovutika.

Mimi ni bodaboda Kilwa Masoko, kuna mzee nampeleka kliniki, mfuko wake huwa anauning'iniza begani ili usiguse tairi. Kuna shida kaka au dada?

Ni dada, na shida ipo. Mfuko ukipanda juu ya kibofu, mkojo wa mfukoni unarudi ndani na wadudu wake. Afunge mfuko mdogo wa pajani kama anao, kama hana aumwage kwanza uwe mtupu, aushike chini ya kiuno ndani ya kanga au kikoi. Na akifika asiuweke sakafuni.

Kaka yangu kaanguka mnazi Mikindani, nyonga inauma, hakojoi na kuna damu kwenye tundu la mkojo. Zahanati wamegoma kumwekea mpira. Wanatufanyia makusudi?

Wamefanya sawa kabisa. Aliyeanguka, nyonga imeumia, damu inachungulia kwenye tundu, njia ya mkojo inaweza kuwa imechanika, na mpira unaweza kuikata moja kwa moja ile iliyochanika nusu. Huyo hahitaji kusubiri hata kidogo, apelekwe hospitali ya mkoa sasa hivi akiwa amelazwa, nyonga isichezeshwe chezeshwe. Huko watapiga picha ya njia, na ikibidi kibofu kinatolewa mkojo kupitia tumboni.

Nimejifungua kwa oparesheni, nesi ametaka kutoa mpira kesho yake asubuhi, nikamuomba uendelee kukaa maana kutembea chooni kunauma. Mama mkwe anasema nimekosea.

Mama mkwe wako anajua. Hakuna kinga inayozidi kuutoa mapema, kila siku unayoongeza unaongeza nafasi ya yutiai. Oparesheni ya kawaida wengi hutolewa ndani ya masaa 24, omba dawa ya maumivu ndo utembee. Ila kama uchungu wako ulikwama muda mrefu mtoto akabana kibofu, wakikwambia ukae nao siku nyingi kubali, hapo wanapumzisha kibofu kisije kikatoboka ukapata fistula. Waulize wewe uko kundi gani. Ukishatolewa, zikipita saa 6 hujakojoa mwambie nesi, na usijitoe mwenyewe kwa kuvuta au kukata mrija, puto linanyonywa kwanza kwa bomba la sindano.