Milioni 6 nilizozika kwenye vumbi la Kongwa

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji: "Kaka, tumechimba kisima mpaka mita 110 hamna maji, fundi anasema tuongeze 30, na mi nishatoa milioni 11, nifanyeje?" Aisee, nilikaa kitandani nikawasha taa.

Mi shamba langu liko Kongwa. Survei ilisema maji yapo kati ya mita 70 na 90, mtambo ukaja, laki moja kwa mita. Mita 40 za mwanzo ulikuwa mwamba uliooza, laini, una kaunyevu. Kuanzia 50 hivi likaanza kutoka vumbi kavu la kijivu kama unga wa simenti, na hapo ndo ningeshtuka, maana huku kwetu maji yanakaa kwenye ule mwamba uliooza na kwenye mipasuko chini yake kidogo, ukishaingia mwamba mzima basi kadiri unavyoshuka mipasuko inazidi kuwa michache.

Mita 90, jamaa wa survei akanivuta pembeni: "Mzee, tufunge hapa." Nikamuona mchawi. Milioni 9 zimeshaingia, pampu ya sola iko kwenye boksi chini ya mwembe, na mama mkwe nishamwambia ajiandae kulima nyanya! Nikasema ongeza 20. Kavu. Ongeza 20 tena, tukapata unyevu kidogo wa kulowesha vumbi tu, na huo ndo ulinimaliza kabisa, nikaongeza 20 nyingine. Mita 150, milioni 15, vumbi. Fundi hakunikataza hata mara moja, na kwa nini anikataze, analipwa kwa mita.

Sikilizeni ndugu zangu. Zile milioni 9 zilikuwa zimeenda, niendelee au nisiendelee. Swali la pale mita 90 lilikuwa moja tu: hii milioni 2 ya sasa hivi, kama ndo ningekuwa naanza leo, ningeiweka kwenye shimo hili au ningehamisha mtambo? Milioni 6 nilizoongeza, hata ukitoa hela ya kuhamisha, zingenichimbia shimo lingine la mita 50 pale bondeni.

Na tusijione wajinga peke yetu. Hapa hapa Kongwa Waingereza walianza mradi wao wa karanga 1947, mvua za shida, udongo kiangazi unakuwa mgumu kama zege, wakang'ang'ana mpaka 1951 na karibu pauni milioni 36 zikapotea.

Kwa hiyo kikomo andikeni kabla mtambo haujafika. Mita ngapi, na vumbi likitoka kavu kwa mita ngapi mfululizo mnafunga. Mshika karatasi awe mtu wa survei, sio wewe mwenye uchungu wa hela wala fundi.

Yule dada nilimuuliza vumbi lina rangi gani. Akajibu, "Kijivu, kavu, tangu mita 60." Nikamwambia funga usiku huu huu. Mpaka leo hajajibu, na namjua alivyo, kashaongeza.