Kichwa kipya cha video ya kaimati, na Ramadhani iliyoingia katikati

Tarehe 10 Februari 2025 nilibadilisha kichwa cha video yetu ya zamani ya kaimati. Kilikuwa "Mapishi ya leo: kaimati za bibi", nikaweka "Kwa nini kaimati zako zinakunywa mafuta?" Sikugusa kitu kingine. Baada ya wiki nne nikafungua takwimu za YouTube Studio, nikalinganisha siku 28 kabla na siku 28 baada. Kabla: imetazamwa mara 410. Baada: mara 1,960. Wifi yangu, ambaye ndiye tunayepika naye, akapiga kigelegele na kuniambia tukae usiku huohuo tubadilishe vichwa vya video zote.

Namshukuru Mungu usingizi ulinizidi, kwa sababu asubuhi nikiwa natayarisha unga wa futari ndipo akili ilipofunguka. Tulikuwa tunafunga! Nyumbani kwetu mwaka ule tulianza tarehe 2 Machi. Siku zangu za "baada" zilikuwa kuanzia 11 Februari hadi 10 Machi, yaani siku tisa za mfungo pamoja na wiki kadhaa za Shaabani, wakati kila mwenye jiko anajikumbusha mapishi. Hata kama kichwa kingekuwa "Video namba saba", kaimati zingetafutwa.

Ikabidi nitafute Ramadhani ambayo kichwa kilikuwa cha zamani. Hapa usichukue tarehe zilezile za mwaka uliopita, maana Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 tulianza kufunga 12 Machi, kwa hiyo nikahesabu siku upya kwa kuufuata mwezi mosi wa Ramadhani: kabla ikawa 24 Januari hadi 20 Februari 2024, na baada ikawa 22 Februari hadi 20 Machi. Video ileile, kichwa cha bibi, ilipanda kutoka mara 350 hadi 1,480. Hiyo ni mara 4.2. Mwaka wa kichwa kipya ilipanda mara 4.8. Ule ushindi wa karibu mara tano ukabaki tofauti ya kama asilimia 13 hivi.

Nikaenda hatua moja zaidi. Tuna video ya tambi za sukari ya umri uleule, na kichwa chake hakijaguswa tangu siku ya kwanza. Katika siku zilezile za 2025 ilitoka 300 ikafika 1,350, mara 4.5. Kwa maana hiyo mwaka 2025 ulikuwa mzuri kwa chaneli nzima, na kilichobaki kwa kaimati peke yake ni asilimia sita. Kwa namba ndogo kama zetu, asilimia sita inaweza kuletwa na kikundi kimoja cha WhatsApp kilichorushiana linki.

Basi nikasema niache kuhesabu watazamaji, niangalie asilimia ya wanaobofya: kati ya mara zote ambazo picha na kichwa cha video vilipita mbele ya macho ya mtu, ni mara ngapi aliifungua. Ndicho kipimo cha kichwa, sivyo? Nikakuta imeshuka, kutoka 5.5 hadi 4.9. Wifi akauliza kama sasa turudishe kichwa cha bibi.

Ngoja kwanza. Asilimia hiyo imechanganya watu wa aina mbili. Yupo aliyeandika "kaimati" kwenye kisanduku cha kutafutia. Huyo amekuja na njaa yake. Na yupo aliyekuwa anapitapita tu, YouTube ikamwekea video yetu mbele. Nikazitenganisha kwenye ukurasa wa vyanzo vya watazamaji. Kabla, video ilionyeshwa mara 3,000 kwa wanaotafuta, wakabofya asilimia 8, na mara 3,000 kwa wapita njia, wakabofya asilimia 3. Baada, wanaotafuta walionyeshwa mara 10,000, asilimia 9. Wapita njia mara 26,000, asilimia 3.3. Kila kundi limepanda, lakini jumla imeshuka, kwa sababu wapita njia, ambao siku zote hubofya kidogo, walitoka nusu ya maonyesho wakawa zaidi ya theluthi mbili. Ni kama kupima urefu wa darasa baada ya kuingiza watoto wa chekechea: hakuna aliyefupika. Na waliokuja kwa linki ya WhatsApp hawamo kabisa katika hesabu hii, kwani YouTube haihesabu maonyesho ya nje ya kurasa zake.

Hata hivyo, kupanda kutoka 8 hadi 9 kwa wanaotafuta hakukunitosha. Mtu anayetafuta kaimati saa tisa alasiri ya mwezi wa Ramadhani hana mchezo. Atabofya chochote chenye kaimati. Ramadhani ilikuwa imeingia hadi ndani ya asilimia zenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo linaniaibisha kidogo. Kwa nini niliichagua video ile na si nyingine? Kwa sababu Januari ilikuwa imelala kuliko kawaida yake, nikaihurumia. Video uliyoichagua ikiwa chini ina nafasi kubwa ya kupanda yenyewe, kama homa unayoinywea dawa siku ilipokuwa kali kabisa. Siku hizi naorodhesha video za kubadilisha mapema, kisha napiga kura ipi ianze.

Jaribio la maana nililifanya Mfungo Nne na Mfungo Tano, miezi isiyo na futari wala Iddi. Kuanzia Jumatatu 30 Juni niliweka kichwa cha zamani wiki mbili, kipya wiki mbili, cha zamani tena, kipya tena. Katika kila zamu nilihesabu wiki ya pili tu, ili YouTube ipate muda wa kuzoea, na wiki iwe nzima kwa kuwa Jumapili yetu haifanani na Jumanne. Ukibadilisha saa mbili asubuhi, kumbuka pia kwamba siku ya YouTube hufuata saa za Pasifiki: kwetu huanza saa nne au saa tano asubuhi. Siku ya kubadilisha itupe.

Matokeo kwa wanaotafuta: kichwa cha zamani kilionyeshwa mara 1,500 kikapata mibofyo 120, kipya, mara 1,500, mibofyo 138. Kipimo changu cha haraka ni kujumlisha mibofyo yote, 258, kuchukua kipeuo chake cha pili, kama 16, na kuzidisha mara mbili: 32. Tofauti iliyo chini ya hapo naiita bahati. Yangu ni 18.

Kilichonishawishi kilikuwa kwenye orodha ya maneno ambayo watu waliyatafuta. Chini ya kichwa kipya, watazamaji 17 walikuja kwa maneno kama "kaimati kunywa mafuta". Chini ya cha zamani, mmoja. Nikarudi Ramadhani ya 2024, msimu wenyewe ukiwa umepamba moto: watatu. Hilo msimu hauwezi kulieleza, kwa sababu neno "mafuta" halikuwamo kwenye kichwa cha bibi.

Kwa hiyo nimekiacha kichwa kipya kwa ajili ya hao wachache ambao kaimati zao zinalowa. Kwa wapita njia sikuona tofauti yoyote. Wifi bado anasema namba 1,960 ilikuwa nzuri zaidi.