Maswali na majibu: jedwali la muda wa safari, na oda iende ghala lipi

Nimepeleka koordineti za maghala na wateja kwenye OSRM, seva inayokokotoa muda wa safari za barabarani, na kila muda unarudi sifuri au sekunde chache. Seva imeharibika?

Seva ni nzima. Umegeuza namba. OSRM inataka longitudo kwanza, latitudo baadaye. Kariakoo ni `39.27,-6.82`. Ukiandika `-6.82,39.27` umempeleka mteja wako Hispania. Ramani uliyopakia ni ya Tanzania tu, kwa hiyo kila nukta inavutwa hadi barabara iliyo karibu nayo zaidi ndani ya ramani hiyo, na zote zinaangukia kona moja. Swali hili naletewa kila mara, na jibu limo ndani ya majibu ya seva yenyewe: kila nukta inarudi na `location`, pale ilipowekwa barabarani, na `distance`, mita ilizosogezwa. Zisome kabla ya kuniandikia. Mimi nukta iliyosogezwa zaidi ya mita 100 sigawii oda mpaka mtu aiangalie kwenye ramani, maana huenda imewekwa upande wa pili wa reli au wa mto.

Nina maghala 3 na wateja 200. Seva inakataa kwa `TooBig`. Niigawe orodha vipandevipande?

Usigawe chochote. Umeomba muda wa kila nukta kwenda kila nukta: 203 mara 203, yaani visanduku 41,209. Hapo umo muda wa mteja wa Mbezi kwenda kwa mteja wa Mbagala, ambao kwa kazi ya kuchagua ghala huuhitaji. Unachotaka ni visanduku 600 tu. Iambie seva nani anatoka na nani anafikiwa:

```
/table/v1/driving/39.21,-6.79;39.29,-6.85;39.31,-6.83;39.26,-6.86?sources=0;1&destinations=2;3
```

Hapo nukta mbili za mwanzo ni maghala, mbili za mwisho ni wateja. Kikomo cha kawaida cha `--max-table-size` ni 100, na kinaruhusu visanduku 10,000, kwa hiyo 600 vinapita bila shida. Muda unaorudi uko kwa sekunde, si dakika.

Kumbuka pia kwamba jedwali hili ni la kwenda tu. Muda wa kurudi ni mwingine, kwa sababu ya barabara za upande mmoja na sehemu za kugeuzia. Ukitaka safari nzima, omba mara ya pili ukiwa umebadilishana `sources` na `destinations`. Na kama bado unatumia seva ya majaribio ya OSRM iliyo wazi kwa wote, acha leo. Haikuwekwa kwa ajili ya biashara, na kila ombi linapeleka nyumba za wateja wako kwa mtu wa nje.

Kuna haja gani ya haya yote? Mimi napima mstari ulionyooka, napata ghala la karibu mara moja.

Pima mstari kutoka Kivukoni hadi Kigamboni. Utapata mita mia chache, na mfumo wako utaona ghala la katikati ya jiji ndilo jirani wa mteja huyo. Katikati kuna maji. Gari linavuka kwa pantoni, au linazunguka Kurasini kupita daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Ghala la Kurasini linaweza kuwa mbali zaidi kwa mstari na bado likafika mapema.

Hata OSRM hapa inahitaji kusimamiwa. Profaili ya gari inakipa kivuko mwendo wa kilomita 5 kwa saa pale ambapo ramani haikuandika muda wake. Mita 500 za maji zinakuwa dakika 6. Foleni ya kusubiri pantoni haimo kabisa, na anayevuka asubuhi anajua hiyo ndiyo sehemu kubwa ya safari. Kama magari yako hupita darajani, ongeza `exclude=ferry` kwenye ombi, kisha linganisha majedwali mawili. Wateja ambao muda wao umebadilika ndio waliokuwa wanapangwa kwa muda wa pantoni.

Muda wa OSRM ni mfupi mno kuliko hali halisi. Nikizidisha kila kitu kwa 1.6 si inatosha?

Kwa kumwambia mteja saa ya kufika, inasaidia kidogo. Kwa kugawa oda haibadilishi kitu: ukizidisha jedwali zima kwa namba moja, ghala lililokuwa la karibu linabaki la karibu. Foleni inabadilisha mgawo kwa sababu haiko sawa kila mahali. Jioni Barabara ya Morogoro inabana kutoka mjini, huku upande wa kuingia ukienda. Chukua kumbukumbu za GPS za magari yako, gawanya muda halisi kwa muda wa OSRM, na upate kizidisho kwa kila njia kuu, kila upande, asubuhi na jioni.

Baadhi ya visanduku vina `null`. Nimeweka 0, kuna ubaya?

Ubaya mkubwa. `null` maana yake njia haikupatikana, kwa mfano mteja wa kisiwani ambaye kivuko chake hakijachorwa kwenye ramani. Ukiweka 0, asiyefikika anakuwa wa karibu kuliko wote. Waandishi wa JavaScript wajihadhari zaidi, kwani `Math.min(null, 900)` inarudisha 0 bila onyo. Toa oda hiyo pembeni, aiangalie mtu.

Jedwali ninalo. Nampa kila mteja ghala lenye muda mdogo, lakini ghala moja linafurika na jingine limekaa bure. Nimekosea wapi?

Chukua mfano mdogo. Maghala mawili, kila moja lina nafasi ya oda mbili. Dakika ni hizi:

```
           Kigamboni  Temeke  Buguruni  Kariakoo
Ubungo         48       30       16        20
Kurasini       19       12       15        14
```

Kurasini ni karibu zaidi kwa wote wanne. Wengi huanza na muda mdogo kabisa: Temeke 12, Kariakoo 14, Kurasini imejaa. Wanaobaki wanakwenda Ubungo, Buguruni kwa 16 na Kigamboni kwa 48. Jumla dakika 90.

Sasa uliza swali jingine: mteja huyu akikosa ghala lake la kwanza, anapoteza dakika ngapi? Kigamboni 29, Temeke 18, Kariakoo 6, Buguruni 1. Mwenye hasara kubwa achague kwanza. Kurasini inachukua Kigamboni na Temeke, 31. Ubungo inachukua Buguruni na Kariakoo, 36. Jumla 67. Buguruni amepewa ghala la pili na amepoteza dakika moja tu.

Kwa maghala mawili na oda zenye ukubwa sawa, kupanga kwa tofauti hii kunatoa jumla ndogo kuliko zote. Yakiwa matatu au zaidi hakuna uhakika huo. Tumia `linear_sum_assignment` ya SciPy, kila nafasi ya ghala ikiwa mstari wake. Ila jumla hiyo inachukulia kila oda ni safari yake. Gari likibeba oda nane kwa mpigo, mgawo huu ni hatua ya kwanza tu. Mpangilio wa vituo ufanywe na chombo kama VROOM, na hapo ndipo muda wa mteja hadi mteja unahitajika, kwa wateja wa ghala moja tu.

Wasambazaji wangu ni bodaboda. Nitumie profaili ya gari?

Hapana. OSRM inakuja na profaili za gari, baiskeli na mtu wa miguu. Ya pikipiki haimo. Nakili `car.lua`, ruhusu vichochoro ambavyo boda hupita kihalali, kisha jenga data upya. Na vizidisho vya foleni vya magari usivihamishie huko, kwa sababu boda na gari hawasubiri foleni kwa namna moja.